Foleni iliahidi "angalau mara moja". Ujumbe ukija mara mbili mnanilaumu mimi kwa lipi?

Mchora_Mifumo:
Wakuu, nina hasira na sitaificha. Foleni ya ujumbe hapa kazini nimeibuni mimi. Jana timu inayoshughulikia salio za wateja imeniita kikaoni kunisomea mashtaka: foleni yangu ni mbovu, imetuma ujumbe mara mbili, na wateja wamewekewa salio maradufu. Ukurasa wa kwanza kabisa wa maelezo niliowapa unasema foleni itafikisha kila ujumbe angalau mara moja. Angalau! Neno hilo wamelisoma kama "mara moja tu" na wakaandika programu yao hivyo.

Nimekesha kwenye kumbukumbu za seva, na haya ndiyo yaliyotokea. Ujumbe `malipo-88213` ulisema akaunti 42 iongezewe 500. Mpokeaji wa kwanza aliuchukua 14:02:10. Hifadhidata ilikuwa imelemewa, kazi ikakaa zaidi ya dakika 3. Programu yao inatumia maktaba ya pika, na kazi yote inafanyika ndani ya ile ile njia inayoongea na RabbitMQ, seva ya foleni yetu, kwa hiyo ikisubiri hifadhidata haitumi mapigo ya kuonyesha kwamba iko hai. Seva ikaona kimya, ikaandika hivi:

```
missed heartbeats from client, timeout: 60s
```

Ikakata muunganisho, ikaurudisha ujumbe kwenye foleni, akapewa mpokeaji wa pili. Yule wa kwanza hakujua kama amekatwa. Hifadhidata ilipopumua, wote wawili wakapita: wa kwanza akaongeza 500, akageuka kutuma `ack` ya kusema amemaliza, akakuta muunganisho umekufa. Wa pili naye akaongeza 500, akatuma `ack` yake vizuri, foleni ikafuta ujumbe.

Sasa niambieni, seva ingefanya nini? Kwa upande wake, mpokeaji aliyekufa kabla ya kugusa salio na mpokeaji aliyemaliza kazi lakini `ack` isifike wanafanana kabisa. Wote wako kimya. Ina njia mbili tu: kuutuma tena, au kuusahau. Ikiusahau, siku mpokeaji atakapokufa kweli, mteja atakosa salio lake na hakuna atakayejua. Mimi nilichagua kutuma tena, na nitachagua hivyo hivyo kesho. Lakini uchaguzi huo unamtaka mpokeaji astahimili marudio. Hauna maana nyingine.

Kijana_wa_Seva:
Pole mkuu. Lakini mbona suluhisho ni jepesi? RabbitMQ ikirudisha ujumbe inaweka alama ya `redelivered`. Wakiona ni `true` wautupe, biashara imeisha.

Mchora_Mifumo:
Ndugu yangu, wamependekeza hilo hilo kikaoni nikapiga meza! Alama hiyo inakwambia ujumbe ulishawahi kutolewa kwa mtu. Haikwambii kama alimaliza kazi. Mpokeaji akizimika sekunde moja baada ya kuupokea, kabla ya kugusa chochote, ujumbe utarudi na alama hiyo hiyo. Ukiutupa, umeupoteza. Itumie kama dokezo la kwenda kukagua, usiitumie kama hukumu.

Bi_Hesabu:
Hata kwetu yametokea, mteja alibonyeza kitufe cha kulipa mara mbili kwa sababu ukurasa ulikuwa mzito. Foleni ikapokea ujumbe mbili na zote zikafanyika. Tulibadilisha foleni kabisa lakini tatizo likabaki pale pale. Kwa hiyo nakubaliana na timu yako, foleni hizi haziaminiki.

Mchora_Mifumo:
Dada, lako ni tofauti. Pale foleni haikurudia kitu, ililetewa ujumbe 2 na ikafikisha 2. Ndiyo maana kubadilisha foleni hakukusaidia.

Mzee_wa_Commit:
Tofauti, ndiyo, lakini dawa yake inakaribiana na yako, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanachukua kitambulisho kinachotolewa wakati wa kutuma. Anayetuma naye huwa anarudia: ametuma, hajapata jibu kwamba foleni imepokea, anatuma tena. Kama kila jaribio linapewa namba mpya, mpokeaji ataona ujumbe 2 tofauti, na `redelivered` ni `false` kwenye zote. Namba izaliwe pale mteja anapofungua ukurasa wa malipo, isafiri na agizo hilo mpaka mwisho. Hapo hata kubonyeza mara mbili kwa Bi Hesabu kunakamatwa.

Kisha mpokeaji aandike namba hiyo ndani ya muamala ule ule unaobadilisha salio. Kwa PostgreSQL, `agizo` likiwa ufunguo mkuu wa jedwali:

```sql
BEGIN;
INSERT INTO yaliyofanyika (agizo)
VALUES ('malipo-88213')
ON CONFLICT DO NOTHING;
-- ikiingia safu 0, ruka UPDATE
UPDATE akaunti SET salio = salio + 500
WHERE id = 42;
COMMIT;
```

`ack` itumwe baada ya `COMMIT`, iwe umeongeza salio au umeruka. Chukua tukio lako la 14:02. Mpokeaji wa pili akifika kwenye `INSERT` wakati wa kwanza hajamaliza, PostgreSQL inamsubirisha. Wa kwanza akipitisha, wa pili anapata safu 0 na anaruka. Wa kwanza akifa, muamala wake unafutika wote pamoja na ile namba, na wa pili anaendelea na kazi. Wanaofanya `SELECT` kwanza kuuliza kama namba ipo ndio wanaoumia, maana wapokeaji wote wawili wanaweza kuuliza kwa wakati mmoja na wote wakajibiwa haipo.

Nguzo7:
Mchora Mifumo, mimi niko upande wa wapokeaji, nikujibu bila kukuchekea. Kwa nadharia uko sahihi. Lakini una timu ngapi zinazosoma kwenye foleni hiyo? Umewaachia kila mmoja abuni jedwali lake, kisha unashangaa mmoja amekosea. Ungewapa maktaba moja ya pamoja yenye hayo ndani. Na kabla ya kuwapa foleni, ungetuma ujumbe mara mbili kwa makusudi kwenye mazingira ya majaribio. Programu yao ingeanguka siku ya kwanza, sio mbele ya wateja.

Mchora_Mifumo:
Timu 6. Hilo la majaribio nalipokea, sikulifanya na nilipaswa kulifanya. La maktaba bado nalipinga: timu ya salio ina muamala wa kujificha ndani yake, timu ya arifa haina. Wao wanaita huduma ya nje kutuma meseji ya simu, na huduma yenyewe haipokei namba ya agizo. Ukiandika kwenye jedwali kabla ya kutuma, ukifa katikati meseji haiendi kamwe. Ukiandika baada ya kutuma, inaweza kwenda mara 2. Maktaba itawachagulia lipi?

Mzee_wa_Commit:
Meseji iende mara 2, mteja atavumilia. Ila kama meseji yenyewe ni namba ya siri ya kutumia mara moja na kila jaribio linatengeneza nyingine, ile ya kwanza itakuwa imekufa mkononi mwake.

Kijana_wa_Seva:
Na hilo jedwali la `yaliyofanyika` mnalisafisha lini? Sisi tuna foleni ya ujumbe ulioshindikana, kuna siku tuliurudisha ujumbe wa wiki 3 nyuma.

Mchora_Mifumo:
Nimeandika siku 30, na timu ya hifadhidata inataka 7 kwa sababu jedwali linanenepa. Kwa kisa chako, siku 7 zingewekea watu salio upya. Kikao ni kesho asubuhi.