Siku 180 za rumande zimepita: kwa nini jirani yetu bado yuko ndani?

Ramadhani, Arua: Katiba ya Uganda inataja siku 180. Kijana wa jirani yangu ana zaidi ya mwaka rumande kwa kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha, na hajasimama shahidi hata mmoja. Je, serikali inavunja sheria, au sisi hatuielewi? Na wakili atamtoaje?

Baluku, Kasese: Inavunja, ndugu yangu. Ibara ya 23(6) iko wazi: siku 180 zikipita bila kesi kuanza, mtu anaachiliwa kwa dhamana. Zamani zilikuwa 360, zikapunguzwa mwaka 2005. Wakili anapeleka tu hesabu ya siku mahakamani.

Akello, wakili, Kampala: Ndugu Baluku, hiyo ya kesi kuanza ni kwa makosa ambayo hata hakimu anaweza kuyasikiliza, na huko ni siku 60. Kwa kosa la Mahakama Kuu peke yake, Katiba inasema siku 180 kabla kesi haijapelekwa Mahakama Kuu. Watu wengi wananasa hapo.

Chukulia kijana amesomewa shtaka tarehe 3 Machi. Hakimu hamwulizi kama anakiri, kwa sababu kesi si yake. Anamrudisha rumande, na kila akiletwa anaambiwa uchunguzi unaendelea. Siku ya 180 ni tarehe 30 Agosti. Sasa tarehe 27, ofisi ya DPP, mkurugenzi wa mashtaka wa serikali, inaleta hati ya mashtaka na muhtasari wa ushahidi, hakimu anamsomea na kumpeleka Mahakama Kuu. Zilibaki siku 3, na ile haki ya kuachiliwa kwa lazima imefungwa. Kuanzia hapo Katiba haikuweka idadi nyingine ya siku. Anangoja kikao cha jinai, na kikao kinategemea fedha na jaji. Kesi hupangwa kwa mafungu, pengine 40 hivi kwa kikao kimoja, na usipokuwa kwenye orodha unangoja kingine.

Kwa hiyo Ramadhani, uliza kwanza tarehe mbili: ya kurudishwa rumande mara ya kwanza, na ya kupelekwa Mahakama Kuu.

Ramadhani: Na kama siku 180 zilikuwa zimeshapita ndipo wakampeleka?

Akello: Mimi ningesimama kwenye maneno ya Katiba: haki ilishazaliwa, haiwezi kufutwa na karatasi iliyokuja baadaye. Lakini jiandae kubishana hata juu ya siku ya kuanzia hesabu. Katika ombi la dhamana la mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye, Agosti 2025, jaji alihesabu kuanzia 21 Februari, alipofikishwa mahakama ya kiraia, ingawa alikuwa kizuizini tangu Novemba. Ombi likaanguka. Sikubaliani na hesabu hiyo. Mlango wa gereza ni uleule.

Mama Zainabu, Busia: Wanangu, mimi wangu ameshikwa kwa simu ya wizi. Hakimu amempa dhamana ya fedha taslimu, sina hata robo yake. Na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anataka pesa ili aandike barua. Nazo ni siku 180?

Akello: Hapana mama. Hiyo ni kesi ya hakimu, siku zake ni 60. Lakini usizingoje: wakili aombe hakimu apunguze kiasi, akikataa aende Mahakama Kuu, inao uwezo wa kukipunguza. Fedha hiyo hurudishwa kesi ikiisha kama kijana hakukosa kufika. Pata risiti ya mahakama.

Opio, mpelelezi mstaafu, Tororo: Mnasema upande mmoja. Nimeona shahidi akihama kijiji kwa sababu mshtakiwa amerudi na dhamana. Ndiyo maana mwaka 2021 Rais Museveni alitaka watuhumiwa wa mauaji wasipewe dhamana. Na majibu ya maabara yanachelewa, si uvivu wa polisi.

Akello: Mzee Opio, hofu ya shahidi ni ya kweli, na jaji anaipima. Ndiyo maana ombi la kawaida la dhamana halijengwi kwa huruma. Naambatanisha hati ya kiapo, makazi yanayojulikana, barua ya LC1, na wadhamini wenye vitambulisho wanaoweza kumleta. Ndugu wa karibu wenye kazi au shamba hunisaidia kuliko tajiri wa mbali. Kukiwa na ugonjwa mkubwa uliothibitishwa na daktari wa gereza, au umri wa miaka 60 na zaidi, naweka mbele. Bila hivyo jaji bado ana hiari, na hapo nataja muda aliokaa tangu apelekwe. Lakini maabara ikichelewa, kwa nini mtu alishtakiwa kabla ya ushahidi?

Opio: Tukimwachia tukingoja majibu, wanakijiji watamuua. Hilo nalo hulijibu.

Baluku: Basi hata kikao kiwekewe siku zake ndani ya Katiba. Hizi 180 zinamlinda nani, kama zinakatwa kwa karatasi ya siku ya 177?

Ramadhani: Nimempigia baba yake. Tarehe ya kwanza anaikumbuka. Ya kupelekwa Mahakama Kuu haijui, wala hajui kama alipelekwa.

Akello: Aende kwa karani wa mahakama ya hakimu na namba ya kesi, aombe kuona jalada. Asikubali kuambiwa kwa mdomo.