Ulinganisho: kupanua SAP ya makao makuu hadi Lubumbashi, au kuweka mfumo mwepesi ulioungwa nayo?

Mdhibiti_Kampemba
Ndugu zangu, kampuni yetu tanzu hapa Lubumbashi huuza pampu na vipuri kwa migodi ya Haut-Katanga na Lualaba, na kundi letu lina makao makuu Johannesburg, ambako wanatumia SAP S/4HANA, mfumo mkubwa wa kuendesha hesabu, stoki na mauzo. Watumiaji wetu ni 11. Kundi linatupa njia mbili: ama tuingie ndani ya SAP yao, ama tuweke mfumo mwepesi kama Odoo au Sage hapa na kuunganisha na makao makuu. Kwa makadirio tuliyopewa, njia ya kwanza ingegharimu dola 288,000 kwa miaka 5, pamoja na kuiweka, na ya pili dola 145,000, uunganishaji ukiwa ndani. Tofauti hiyo inaonekana nzuri mno, ndiyo maana naiogopa. Ni wakati gani mfumo mwepesi unalipa kweli?

Fundi_Ruashi
Unalipa, kaka, na sioni kinachokutia hofu. Makao makuu hayahitaji kuona kila ankara yako. Yanahitaji balansi ya mwezi. Unatengeneza jedwali linalosema akaunti hii ya SYSCOHADA, yaani kanuni za uhasibu za hapa, inaenda kwenye akaunti ile ya kundi, unatoa faili la CSV mwisho wa mwezi, unagawanya faranga kwa kiwango cha siku ya kufunga, kisha unapakia. Nimefanya hivyo kwa wateja kadhaa, na kazi yenyewe haizidi majuma machache.

Mama_Depo_Likasi
Samahani kuingilia, lakini nasi tuna hali hiyo hiyo. Tuna duka Lubumbashi na depo Likasi, na kila siku tunahamisha bidhaa kati yao. Je, depo nayo iwe na mfumo wake mwepesi?

Mhasibu_Katuba
Mama, hali yenu ni tofauti. Duka na depo yenu ni kampuni moja kisheria, yenye hesabu moja mbele ya mamlaka ya kodi, DGI, na stoki moja inayozunguka kila siku. Mkitenganisha mifumo, kila gari litakalotoka Lubumbashi kwenda Likasi litaandikwa mara mbili, na wiki chache baadaye mtakuwa mkitafuta bidhaa ambazo kitabu kimoja kinasema zimetoka na kingine kinasema hazijafika. Wekeni mfumo mmoja wenye maghala mawili.

Kwa swali la Mdhibiti, kabla ya bei mimi huuliza ni mara ngapi kazi ya hapa inagusa kazi ya kule ndani ya siku moja. Kama mnaagiza kontena kutoka Johannesburg, mnaweka mali ghalani hapa, kisha mnauzia migodi kutoka kwenye ghala lenu, basi mnakutana na makao makuu kwenye ankara chache za ndani kila mwezi, na mfumo mwepesi unaweza kulipa. Lakini kama muuzaji wenu anamwahidi mteja wa Kolwezi tarehe ya kupokea mali kwa kuangalia stoki iliyoko Johannesburg, hapo mnahitaji kuona stoki hiyo saa hiyo hiyo, na uunganishaji utabeba bidhaa, bei, maagizo na mizigo iliyoko njiani. Kila upande ukipata toleo jipya mtarudia kupima viungo hivyo vyote, na zile dola mlizookoa zitaishia huko.

Sasa nimjibu Fundi, kwa sababu yuko sahihi nusu. Balansi ya mwezi inatosha kwa kampuni kama hii, ila akaunti hazilingani moja kwa moja, wala kugawanya faranga kwa kiwango cha kufunga hakutoshi. Vitabu vya kisheria hapa vinafuata SYSCOHADA na vinaandikwa kwa faranga za Kongo, wakati kampuni yenyewe, nadhani, inanunua kwa dola, inauza kwa dola, na kundi linaihesabu kwa dola.

Tuseme mmepokea vipuri vya dola 40,000 kwa mkopo kutoka makao makuu, kiwango kikiwa faranga 2,800. Vitabu vinaonyesha stoki ya faranga 112,000,000 na deni la kiasi hicho hicho. Mwisho wa mwezi kiwango kimefika 2,850 na hakuna kilichouzwa. Deni linapanda hadi faranga 114,000,000, na zile 2,000,000 za tofauti zinakaa akaunti 478, ile ya tofauti za viwango vya fedha, kama hasara ambayo bado haijatokea, huku mkitenga akiba ya hasara hiyo kama gharama.

Sasa gawanyeni kila kitu kwa 2,850. Deni linarudi dola 40,000 kamili, kwa hiyo makao makuu wanalinganisha deni la ndani na kusema mambo ni sawa. Lakini stoki imeshuka hadi dola 39,298, akaunti 478 imekuwa mali bandia ya dola 702, na matokeo ya mwezi yana gharama ya dola 702 ambayo kwa mtu anayehesabu kwa dola haikutokea kamwe. Kosa hili halionekani pale ambapo kila mtu anachungulia. Mtalitambua tu mkiona faida ya Lubumbashi inayumba kufuata kiwango cha faranga wakati mauzo yametulia.

Fundi_Ruashi
Mzee, nimekuelewa kuhusu 478. Basi naiondoa kwenye jedwali pamoja na ile akiba, na tatizo limekwisha.

Mhasibu_Katuba
Halijaisha, kijana wangu, kwa sababu stoki bado itasomeka 39,298. Ukiondoa 478 na akiba yake, balansi haitafunga kwa dola 702, na kuna mtu ataitafutia akaunti ya kuifichia. Mfumo unatakiwa uhifadhi dola kwenye kila mstari tangu siku mali inapoingia, yaani leja mbili sambamba: ya faranga kwa ajili ya DGI na ya dola kwa ajili ya kundi. Mwisho wa mwezi unatuma leja ya dola, hugawanyi chochote. Hilo ndilo ningelipima kwenye Odoo, Sage au mfumo mwingine wowote, na ningetaka lifanywe mbele yangu kwa mfano huu huu wa dola 40,000, pamoja na ankara moja inayolipwa nusu kwa faranga.

Mdhibiti_Kampemba
Asante, Mzee. Ni kweli tunauza kutoka ghala letu, na ankara za ndani hazifiki 20 kwa mwezi. Ila makadirio ya dola 145,000 hayataji leja ya pili popote.

Dada_Kenya_Commune
Niongeze jambo, kwa kuwa nimefanya kazi upande wa kundi. Hata mkiingia SAP, SYSCOHADA haitajiweka yenyewe. Lazima mtu aweke leja ya kisheria, taarifa za fedha kwa Kifaransa na TVA ya 16%. Waulizeni kama zile dola 288,000 zinajumuisha kazi hiyo. Mimi siamini kwamba tofauti kati ya njia hizi ni dola 143,000. Kwa kampuni tanzu moja tu huenda ni nusu yake. Tofauti inakua pale kundi lina kampuni za Ndola na Lubumbashi zinazoweza kutumia uunganishaji ule ule.

Mhasibu_Katuba
Hapo Dada tunakubaliana, isipokuwa kwa Ndola. Zambia haimo ndani ya OHADA, jumuiya ya nchi zinazofuata SYSCOHADA, kwa hiyo jedwali la akaunti litatengenezwa upya. Kitakachotumika tena ni njia ya kutuma tu.

Fundi_Ruashi
Swali moja la mwisho. Stoki ya zamani, iliyoingia kabla ya mfumo mpya, itapata wapi kiwango chake cha dola?

Mhasibu_Katuba
Kwa mali yenye hati za forodha na ankara za ununuzi, utachukua dola zilizoandikwa humo. Kwa vipuri vilivyolala ghalani miaka mingi bila hati sina njia safi ya kukupa. Nimeona wakaguzi wakikubali kiwango kimoja cha kuanzia, na nimeona wengine wakikataa. Mdhibiti amuulize mkaguzi wa kundi kabla ya kusaini chochote.