Mkataba unataja sheria za Uganda: je, mahakama ya Mwanza inaweza kusikiliza shauri?

Mwanafunzi wa Nyegezi
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri juu ya swali la somo la mgongano wa sheria ambalo limetugawa darasani. Mfanyabiashara wa Mwanza alimuuzia mnunuzi wa Kampala tani 12 za dagaa wakavu, na mkataba ukasainiwa Bukoba. Mzigo ulikabidhiwa katika bandari ya Port Bell, Uganda, nusu ya bei ikalipwa, na nusu iliyobaki ilipaswa kuingia katika akaunti ya muuzaji iliyopo Mwanza ndani ya siku 30. Mnunuzi amekataa kulipa, akidai kwamba magunia yalikuwa na ukungu. Kipengele pekee kinachohusika kinasema, "Mkataba huu utatawaliwa na sheria za Uganda." Muuzaji ashtaki wapi, na dai la ukungu lipimwe kwa sheria ipi?

Karani wa Bugando
Jibu limo ndani ya mkataba. Wamechagua Uganda, basi shauri ni la Kampala, kwa sababu hakimu wa Mwanza hana elimu ya sheria za huko. Kipengele hicho kisingekuwepo, ingetumika sheria ya Tanzania, kwa kuwa walisaini Bukoba.

Mama wa Mwaloni Kirumba
Mwanangu, yalinikuta mimi. Niliuza mabondo nje, mzigo ukaharibika, na nyuma ya hati ya meli palikuwa na maandishi madogo kwamba mgogoro wowote uende mahakama za London. Niliachana nao. Ila ulizeni pia ukungu ulianzia wapi: dagaa wasiokauka vizuri huoza kuanzia katikati ya gunia, lakini waliolowa safarini huanza kuharibika upande wa nje.

Wakili mstaafu, Capri Point
Mama, pole sana, lakini kipengele chako kilichagua mahakama, na hiki cha mwanafunzi kimechagua sheria tu. Mahakama ya Rufani ilipotoa uamuzi katika shauri la Sunshine Furniture dhidi ya Maersk, iliheshimu kipengele cha hati ya meli kilichopeleka mgogoro Uingereza. Hapa hakuna kipengele cha namna hiyo, kwa hiyo mamlaka ya mahakama yanatafutwa katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, ambayo inaruhusu shauri kufunguliwa anapoishi mdaiwa au mahali ambapo sababu ya madai imetokea, hata kama ni kwa sehemu tu. Fedha zilipaswa kulipwa Mwanza na hazikulipwa, kwa hiyo uvunjaji wa ahadi ya kulipa ulitokea hapa. Pingamizi la awali la mnunuzi kwamba "sheria ni ya Uganda" halitoshi kuliondoa shauri.

Ndugu Karani amesema kweli kwamba hakimu wetu hachukuliwi kuwa anaijua sheria ya kigeni, lakini hilo halimnyimi mamlaka. Anayeitegemea sheria hiyo huithibitisha kama anavyothibitisha jambo jingine la ushahidi, kwa kawaida kupitia mtaalamu wa sheria wa huko. Asipofanya hivyo, mahakama kwa kawaida huchukulia kwamba inafanana na yetu. Kuhusu Bukoba, mahali pa kusaini ni dalili moja tu kati ya nyingi: pasipo uchaguzi wa wahusika, huangaliwa mkataba una uhusiano wa karibu zaidi na nchi ipi, na makabidhiano ya Port Bell yangekuwa na uzito mkubwa.

Ninachokuhimiza ufikirie, kijana wangu, ni mali ya mdaiwa. Ikiwa yote iko Kampala, na yeye haishi Tanzania wala hajakubali mamlaka ya mahakama ya Mwanza, hukumu utakayoipata hapa inaweza kugoma kukaziwa kule. Ningekuwa wakili wa muuzaji, ningefungua Kampala.

Mwanafunzi wa Nyegezi
Asante sana, mzee. Na ukungu wenyewe?

Wakili mstaafu, Capri Point
Hapo ndipo swali linapopata utamu. Uganda ni mwanachama wa Mkataba wa Vienna wa 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, nasi si wanachama. Kuchagua sheria za Uganda bila kuutenga mkataba huo kunaweza kuuleta ndani. Chini yake, mnunuzi asipomjulisha muuzaji kasoro na aina yake ndani ya muda unaofaa tangu aigundue au alipopaswa kuigundua, hupoteza haki ya kuitegemea. Tafuta basi siku aliyofungua magunia na siku aliyolalamika.

Mwanasheria wa Bukoba
Mzee, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Uganda ilijiunga na mkataba huo, lakini mahakama ya Kampala inaweza kuuliza kama unatumika bila Bunge kuutungia sheria, na ikaishia kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017.

Wakili mstaafu, Capri Point
Hoja yako ina nguvu, na sidhani kama tutaimaliza hapa. Mwanafunzi, ziandike njia zote mbili, kisha uonyeshe kama tarehe ya malalamiko inabadilisha matokeo katika kila moja.