Chati ya tovuti, WhatsApp au barua pepe: ipi inakuachia ushahidi ukidai pesa yako?

MbeziJuu: Wakuu, nimelipia intaneti ya nyumbani 70,000 kwa simu, ikaonekana imegoma, nikarudia. Baadaye meseji za miamala zikaja zote mbili. Nikaingia chati ya tovuti yao, mhudumu akaniambia "tunalifanyia kazi", kisha dirisha likajifunga na maongezi yote yakapotea. Kabla sijaanza upya: nirudi kwenye chati, nihamie WhatsApp yao au niandike barua pepe?

BabaNeema: Piga simu, acha kuhangaika. Simu zao nyingi zinarekodiwa, hawawezi kukuruka.

Sauti_ya_Tabata: Zinarekodiwa kweli Baba Neema, ila rekodi inabaki kwao. Siku ukibishana nao, wewe huna cha kuwasikilizisha.

Nimewahi kukaa upande wa pili wa hizo chati, kwa hiyo nikueleze MbeziJuu. Chati ya tovuti ndiyo inayokupa mtu haraka, na ndiyo inayopotea haraka pia. Ukinyamaza dakika chache inajifunga. Wakikuuliza barua pepe mwanzoni, weka ya kweli, maana nakala ya maongezi mara nyingi hutumwa huko. Wengine wanakupa kitufe cha kuipakua, lakini ukishafunga dirisha hukioni tena.

Kubwa zaidi ni namba. Mhudumu anaweza kukupa namba ya maongezi ukadhani umefunguliwa lalamiko. Si kitu kimoja. Maongezi yanaweza kufungwa bila tiketi yoyote kwenda kwa watu wa malipo, na hapo hakuna anayelifanyia kazi. Muulize waziwazi: "Hii ni namba ya maongezi au ya tiketi, na tiketi iko idara gani?" Akikwepa, jua bado haijafunguliwa.

Mama_Shangazi: Mimi nilituma hela namba siyo, M-Pesa ya Kenya. Unasambaza ile meseji ya muamala kwenda 456, unasubiri. Chati za nini?

Sauti_ya_Tabata: Hiyo ni ya kutuma kwa mtu usiyemkusudia, shangazi. Huyu pesa imefika palepale alipokusudia, ila mara mbili. Anayepaswa kuirudisha ni kampuni.

kijana_wa_Ilala: Mimi WhatsApp tu. Maongezi yanabaki kwenye simu, huhitaji hata skrinishoti.

Sauti_ya_Tabata: Uko sahihi nusu. Yanabaki kama hamjawasha meseji zinazojifuta, na kama simu haijaibwa. Ukiyahamisha kama faili yanakuwa maandishi matupu, mtu yeyote anaweza kuyahariri, kwa hiyo piga skrinishoti pia: jina la akaunti juu, tarehe, saa, na swali lako pamoja na jibu lao kwenye picha moja. Jibu la "ndiyo, sawa" bila swali lake halina maana. Namba ya WhatsApp ichukue kwenye tovuti yao, usiipokee kwa mtu aliyejibu malalamiko yako mtandaoni. Hao ndio wanaoishia kukuomba PIN.

MbeziJuu: Sasa nimwandikie nini ili asinijibu tena "tunalifanyia kazi"?

Sauti_ya_Tabata: Mwandikie wewe ile ahadi, yeye akubali au akatae. Hivi:

"Naomba uthibitishe: malipo ya pili ya 70,000, muamala namba (weka yako), yatarudishwa kwenye namba niliyolipia, si kama salio la mwezi ujao, ifikapo tarehe (weka). Tiketi ni namba gani?"

Hapo kwenye salio ndipo wengi wanapopigwa. Ukiambiwa "tutarekebisha", wao wanahesabu kukuongezea mwezi, wewe unasubiri pesa. Na usikubali "siku 7" bila tarehe, kwa sababu wao watakuambia ni siku za kazi tangu tiketi ifunguliwe.

Akishajibu, siku hiyohiyo watumie barua pepe yenye maneno hayohayo, namba ya tiketi ikae kwenye kichwa cha barua, uambatanishe skrinishoti na meseji zote mbili za muamala. Barua pepe ni ya polepole, lakini ndiyo inayosomeka vizuri ukifika TCRA, ambao watataka kuona kwanza ulianza na mtoa huduma mwenyewe.

wakili_mdogo: Kisheria hayo maandishi yana nafasi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi. Ila mahakama itaangalia ulivyotunzwa, kwa hiyo usikate picha wala kuichorachora. Ukitaka kuficha kitu, ficha kwenye nakala, ya awali iache kama ilivyo.

BabaNeema: Na wakisema mhudumu hakuwa na mamlaka ya kuahidi?

wakili_mdogo: Hapo kuna ubishi. Mteja atasema alikuwa anaongea na kampuni, kampuni itataja masharti yake ya huduma. Mimi naegemea upande wa mteja, lakini nisingeingia nayo nikiwa na uhakika.

MbeziJuu: Nimepata tiketi na tarehe. Kwenye salio kaandika "itategemea idara ya fedha". Nimemrudishia swali lilelile, sasa hivi ananiandikia.