Remorki ikichomoka kwenye trakta, nani alipe?

Mkulima wa njia ya Kasapa, Lubumbashi: Trakta ni yangu na ina asiransi. Remorki niliazima kwa jirani, haina karatasi hata moja. Ilibeba mifuko 40 ya mahindi, kilo 50 kila mfuko. Kwenye mteremko ikachomoka, ikagonga pikipiki iliyosimama na ukuta wa mtu. Wa asiransi anasema remorki si trakta. Jirani anasema aliyeivuta ndiye alipe. Mnasemaje?

Shofere wa kamyo, Kampemba: Hapo hakuna mjadala. Remorki ikifungwa nyuma ya trakta inakuwa mkia wake, na mkia hauna asiransi yake. Asiransi ya trakta ilipe yote, pamoja na remorki ya jirani na mahindi.

Aliyefanya kazi ya asiransi miaka 11: Ndugu shofere, umeshika nusu. Asiransi ya lazima inawalinda watu wa nje: mwenye pikipiki, mwenye ukuta. Remorki yenyewe na mzigo uliokuwa juu yake haiviangalii, labda papa awe alilipia ulinzi huo pembeni. Kwa hiyo hata akishinda, mahindi yaliyomwagika ni hasara yake.

Sasa kuhusu "remorki si trakta". Papa, chukua kontra yako utafute mstari unaozungumzia remorki. Nyingi nilizozishika zilikubali bila kutangazwa ile isiyozidi kilo 750, tena hiyo ni pamoja na mzigo. Yako, mahindi peke yake ni kilo 2,000. Kama mstari uko hivyo na hukuitangaza, wana pa kushikia. Ila wakikuambia "ilikuwa imeshachomoka, basi haituhusu", usikubali haraka. Ilikimbia kwa sababu ilikuwa inavutwa. Si kama remorki uliyoifungua jioni ukaiacha uwanjani, kesho yake ikateleza.

Mama wa Ruashi: Mimi yalinipata! Remorki iliachwa usiku kando ya barabara, bila taa wala tawi la mti, mume wangu akaiingia na gari. Hadi leo hatujalipwa. Hao wenye trakta wafungwe!

Aliyefanya kazi ya asiransi: Pole sana, mama. Yako ndiyo ile nyingine niliyotaja, iliyofunguliwa ikaachwa. Hapo asiransi ya trakta mara nyingi inajitoa, mnabaki na mwenye kuiacha.

Mekanisiani, komini ya Kenya: Mnasoma karatasi tu. Mimi nauliza: pini iko wapi?

Mkulima: Haikuonekana. Shofere wangu anasema ya kweli ilipotea wiki iliyopita, akatia kipande cha chuma cha beto.

Mekanisiani: Ndiyo hiyo. Chuma cha beto ni chembamba kuliko tundu, kinacheza. Kila trakta ikishika breki, remorki inasukuma mbele. Ikiondoka, inavuta nyuma. Kinapinda, halafu kinapanda kidogo kidogo, na kwa kuwa chini hakina klipsi ya kukizuia, barabara mbovu inakirusha nje. Angalia tundu za ndoano: zikiwa na umbo la yai badala ya duara, huo mchezo haukuanza jana. Na mnyororo je? Ungekuwapo, umefungwa kwenye mwili wa trakta wala si kwenye pini ileile, remorki ingeburuzwa chini tu, isingefika kwa huyo mtu wa pikipiki.

Aliyefanya kazi ya asiransi: Papa, maneno ya shofere wako yana uzito kuliko kontra. Kitabu cha tatu cha Kodi Sivili, artikle 258 na 259, kinamtaka alipe aliyeharibu kwa kosa au kwa uzembe. Artikle 260 inaongeza vitu ulivyo navyo chini ya ulinzi wako, na watu unaowatuma kazi. Shofere ni wako, na remorki siku ile ilikuwa mikononi mwako, ingawa si mali yako. Mwenye pikipiki atakuja kwako kwanza.

Shofere wa kamyo: Na jirani aliyeazimisha remorki yenye tundu zilizolika? Alijua!

Mekanisiani: Tundu zilizolika ni za remorki au za trakta? Bado hajasema.

Mkulima: Nimetoka kuangalia. Zote mbili. Ya remorki zaidi.

Aliyefanya kazi ya asiransi: Basi zipige picha leo, na futi ya kupimia kando yake, kabla jirani hajaipeleka kuchomelewa. Kwa hilo unaweza kumdai achangie. Jaji atampa sehemu gani, hapo sibishani na shofere. Lakini niambie kwanza: mahindi yalikuwa yako, au uliyabeba kwa malipo?

Mkulima: Mifuko 15 ilikuwa ya watu.

Aliyefanya kazi ya asiransi: Walilipa?

Mkulima: Mafuta tu, papa.

Shofere wa kamyo: "Mafuta tu"! Nenda kawaambie hivyo asiransi, uone.