Mkanda wa stili na brasi kwenye bruda yangu haupindi vya kutosha, nifanyeje?

MfugajiNjombe
Kamwene wakuu. Niko Njombe, nalea vifaranga wa broila, na baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Nataka balbu za bruda zijizime zenyewe joto likifika 33 hivi. Thermostati ya dukani nimeona nitengeneze mwenyewe. Nilichukua kipande cha stili cha unene wa milimita 1 (mgongo wa pipa), nikakilehemu juu ya karatasi ya brasi ya milimita 0.2. Urefu unaochezea ni sentimita 15, upana sentimita 2, upande mmoja umebanwa. Kutoka asubuhi nyuzi 15 hadi bruda ikifika 35, ncha inasogea milimita 0.7 tu, labda hata pungufu. Kwa msogeo huo siwezi kuweka swichi ya maana. Tatizo ni lehemu au ni hesabu?

Mnyalukolo_wa_Mafinga
Mkuu, brasi ndiyo inayotanuka na stili ndiyo inayoizuia. Mzuiaji akiwa dhaifu, brasi inamvuta tu na mkanda haupindi. Ongeza stili, weka hata milimita 2, utaona.

BintiKalenga
Samahani wakuu naingilia. Pasi yangu ya umeme inaunguza nguo hata nikiiweka kwenye hariri. Fundi alisema kipande cha metali mbili kimelegea. Je, na mimi niongeze stili?

Fundi_Soweto_Mbeya
Dada, ya pasi ni skrubu ya kurekebishia, au ncha za kugusana zimegandana. Mpe fundi aifungue ikiwa imechomolewa na imepoa. Pasi inafanya kazi kwenye tofauti ya nyuzi mia na zaidi, kwa hiyo kipande kifupi kinamtosha. Mfugaji wetu ana nyuzi 20 tu za kuchezea.

Mnyalukolo, stili ya milimita 2 itaua kabisa hicho kidogo alichonacho. Mwalimu wa Uyole akiingia atatupa hesabu, mimi nasema kwa mkono: mkanda mnene haupindi.

Mwalimu_Uyole
Nimeingia. Mfugaji, lehemu yako iko sawa, na nitakuonyesha kwa nini nasema hivyo. Kanuni ni ya mhandisi Timoshenko, aliyoichapisha 1925, na bado ndiyo inayotumika. Namba 1 ni stili, namba 2 ni brasi. `k` ni mpindo wa mkanda, `L` ni urefu wake, `dT` ni nyuzi joto lilizobadilika, `t` ni unene, `E` ni ukinzani wa metali kuvutwa, `a` ni utanukaji kwa kila nyuzi moja:

```
k = G * (a2 - a1) * dT / h
G = 6*(1+m)^2 / (3*(1+m)^2 + (1+m*n)*(m^2 + 1/(m*n)))
m = t1/t2   n = E1/E2   h = t1 + t2
msogeo wa ncha = k * L^2 / 2
```

Stili hutanuka kama 12 kwa milioni kwa nyuzi, brasi 19, tofauti ni 7. `E` ya stili ni gigapaskali 200 hivi, ya brasi 100, basi `n` ni 2. Kwako `m` ni 5, na `G` inatoka 0.56. Weka nyuzi 20, unene wote milimita 1.2, urefu sentimita 15: ncha inasogea milimita 0.74. Umepima 0.7. Ndiyo maana nasema lehemu inashika. Ingekuwa imeachia, ungepata pungufu zaidi.

Sasa punguza stili iwe 0.2 kama brasi. `G` inapanda hadi 1.45 na unene wote unashuka hadi 0.4. Vyote viwili vinakufaa kwa wakati mmoja: msogeo unakuwa milimita 5.7 kwa nyuzi zile zile 20. Karibu mara nane.

Mnyalukolo_wa_Mafinga
Mwalimu, lakini nilichosema kuhusu ugumu wa metali kimo humo humo kwenye kanuni, hiyo `n`.

Mwalimu_Uyole
Kimo, ila hakina nguvu unayoipa. Unene ukilingana, `E` zikiwa sawa kabisa `G` ni 1.5. Stili ikiwa na `E` mara mbili ya brasi, `G` ni 1.45. Umebadilisha ugumu mara mbili na mkanda umepoteza asilimia 3. Unaweza kuirudisha hiyo asilimia 3 kwa kufanya stili nyembamba kidogo kuliko brasi, kama 0.7 kwa 1, lakini nani ana karatasi za vipimo hivyo? Kinachoumiza ni unene kupishana mno, kama 5 kwa 1 ya Mfugaji, halafu unene wa jumla.

Mnyalukolo_wa_Mafinga
Haya, hapo nimekuelewa. Basi kwa nini asitumie alumini badala ya brasi? Inatanuka 23.

Mwalimu_Uyole
Hapo uko sahihi. Kwa unene huo huo atapata milimita 8.6, nusu zaidi. Shida ni kuiunganisha.

Fundi_Soweto_Mbeya
Na shida ni kubwa. Alumini haikubali lehemu ya kawaida. Ukipiga ribiti, katikati ya ribiti na ribiti karatasi nyembamba inavimba peke yake badala ya kuupinda mkanda. Utaiona kwa macho, inafanya mawimbi. Labda epoksi, ukiikwaruza vizuri kwa msasa kwanza.

MfugajiNjombe
Asanteni sana, nimepata karatasi ya stili ya 0.2. Nimelehemu jana jioni. Lakini mkanda umepoa ukiwa umepinda kama upinde, ncha imekwenda sentimita nne na zaidi upande wa brasi! Nimeharibu?

Mwalimu_Uyole
Hujaharibu. Lehemu ya bati na risasi huganda kwenye nyuzi 183 au zaidi kidogo, na hapo ndipo mkanda ulikuwa umenyooka. Tangu hapo hadi nyuzi 18 za nyumbani kwako umepoa nyuzi 165. Brasi imesinyaa zaidi, imevuta. Kwa hesabu ile ile ncha inakwenda milimita 47. Funga mkanda hivyo hivyo ulivyopinda. Joto likipanda utanyooka kidogo kidogo, na kila nyuzi moja ni karibu milimita 0.29 kwenye ncha. Skrubu ya M4 ina hatua ya milimita 0.7, basi mzunguko mmoja kwenye ncha ni nyuzi 2.4. Inarekebishika vizuri.

Usiunyooshe kwa mkono.

Fundi_Soweto_Mbeya
Mimi hapo nina wasiwasi, mwalimu. Lehemu ni laini. Ikikaa kwenye mvutano huo wiki kadhaa itatambaa, na alama ya 33 itahama. Epoksi inaganda kwenye joto la chumba, mkanda unabaki umenyooka, hakuna mvutano wa kuanzia.

Mwalimu_Uyole
Epoksi nayo hulegea ikipata joto, na hizo za bei rahisi zinaanza kulainika si mbali sana na joto la karibu na balbu. Mimi ningebaki na lehemu na kukagua kwa kipimajoto kila asubuhi.

MfugajiNjombe
Na je, mkanda huu unaweza kufungua kidirisha cha bruda moja kwa moja, niachane na umeme?

Mwalimu_Uyole
Hapana. Ukiuzuia ncha isisogee kabisa kwa nyuzi 20, unasukuma kwa nguvu ya uzito wa gramu 7 au 8 tu. Hiyo ndiyo bei ya wembamba. Hata mikroswichi nyingi hautazibonyeza.

Fundi_Soweto_Mbeya
Kwa hiyo ncha iguse skrubu tu, ipitishe volti 12 kwenda kwenye rilei, na rilei ndiyo ikate balbu. Usipitishe volti 230 kwenye mkanda: mbali na hatari ya shoti, unaachana polepole mno, cheche zitaula. Tena balbu zisiutazame mkanda uso kwa uso. Weka kikinga, na uusimamishe kwa kimo cha mgongo wa kifaranga, la sivyo utakuwa unapima joto la balbu.

BintiKalenga
Pasi imepona. Ilikuwa skrubu kweli. Ndaga fijo.