Ujumbe wa herufi 158, nimekatwa kama jumbe tatu!

Ndugu wanajukwaa, mtandao ninaoutumia umenikata malipo ya jumbe tatu kwa ujumbe mmoja wa herufi 158, nafasi zikiwemo, ilhali ukomo unajulikana kuwa ni 160. Huduma kwa wateja wamenijibu kwamba "ulikuwa mrefu". Mrefu kwa hesabu ipi? Tena mpokeaji alianza kuona kipande cha mwisho, na vingine vikafuata baadaye!

Kalamu_Nzito: Mkuu, umeibiwa. Ujumbe ukigawanywa, kila kipande hubeba herufi 153, kwa hiyo hata wangekukata, isingezidi mbili.

Mnara_Mrefu: Hiyo 153 ni sahihi kwa herufi za kawaida pekee. Mleta mada, kulikuwa na emoji au ritifaa iliyopinda?

Mleta mada: Emoji hapana, mimi ni mtu mzima. Lipo neno "ng’ombe", nililolinakili kutoka kwenye waraka wa kompyuta.

Mnara_Mrefu: Basi mwizi wako ni huyo ng'ombe. Ujumbe hupita katika njia ambayo mtandao huitumia kuunganisha simu na kujua ulipo, na humo umetengewa baiti 140 tu, yaani biti 1,120. Herufi ya kawaida hula biti 7, ndipo tunapata 160. Ritifaa iliyonyooka imo katika orodha ya herufi hizo, lakini iliyopinda haimo, na ikiingia hata moja, ujumbe wote huhamia kwenye mfumo unaoipa kila herufi baiti mbili, na ukomo unashuka hadi 70. Wako ulipita 70, ukakatwa vipande, na kila kipande kikatoa baiti 6 za kubebea namba ya utambulisho, idadi ya vipande na nafasi yake katika mfuatano. Zikabaki baiti 134, yaani herufi 67. Sasa jumlisha 67, 67 na 24.

Mleta mada: Zinatimia 158. Lakini kwa nini kipande cha mwisho kilitangulia?

Mnara_Mrefu: Mtandao huvisafirisha kama jumbe zinazojitegemea, na kimoja kikikwama, vingine havikisubiri. Simu inayopokea ndiyo huviunganisha kwa namba ile ya utambulisho. Baadhi ya simu hazionyeshi kitu hadi vyote vitimie, nyingine huonyesha kilichopo.

Bibi_Harusi: Mimi simu yangu imejaa, ujumbe hauingii kabisa. Ni hiyo ritifaa pia?

Kalamu_Nzito: Hapana dada, futa za zamani kwanza. Ila Mnara, kwa nini alipishwe hizo baiti 6 ambazo hakuziandika yeye?

Mnara_Mrefu: Mtandao hutoza kwa kipande kilichosafirishwa. Kama ni haki, hilo waulizwe wapanga bei.

Mleta mada: Nimeandika upya kwa ritifaa iliyonyooka, nimekatwa mara moja tu. Hata hivyo siondoi lalamiko: simu iliona idadi ya vipande kabla ya kutuma, na huduma kwa wateja walikuwa na kumbukumbu yake. Kwa nini hakuna aliyenitajia ile alama?